Roho ya Mungu, Roho wa Mungu, au Upepo? Wafasiri Mbele ya Mwanzo 1:2

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wasomaji wa Maandiko. Inachapishwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Wazee wangu, ndugu zangu, mabibi na mabwana,

Niliombwa nizungumzie sababu zinazowafanya wafasiri waangalifu, waliosoma lugha zilezile na kuyatazama maandishi yaleyale, wafikie maneno yanayotofautiana. Ningeweza kuzunguka Biblia nzima nikiokota mfano hapa na pale, lakini nimechagua mstari mmoja tu, na katika mstari huo sehemu ya mwisho tu, yaani Mwanzo sura ya 1, mstari wa 2.

Tuanze na ile ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa moyo. Biblia ya Muungano, iliyochapishwa mwaka 1952, inasema: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Biblia ya Habari Njema, iliyokuja miongo minne baadaye, haisemi kwamba roho ilitulia, inasema ilikuwa "ikitanda juu ya maji". Biblia ya Neno inasema: "naye Roho wa Mungu alikuwa ametulia juu ya maji." Tafsiri ya Mashahidi wa Yehova haitaji roho hapa kabisa, inasema "nguvu za utendaji za Mungu", na nguvu hizo zinakwenda huku na huku. Nazo tafsiri kadhaa za Kiingereza za karne iliyopita zinasema kwamba kilichokuwa juu ya maji ni upepo.

Je, kilitulia, kilitanda, au kilikwenda huku na huku? Je, ni yeye, ni hiyo, au ni upepo? Kwa Kiebrania sehemu hii yote ni maneno sita tu. Mabishano yetu ya leo yamo ndani ya matatu ya mwanzo: *ruakh elohim merakhefet*.

Nitaanza na la tatu, kitenzi, kwa sababu hapo ndipo penye mambo mengi zaidi.

Kitenzi *rakhaf* ni adimu. Katika Biblia yote ya Kiebrania kinatokea mara 3 tu. Mara ya kwanza ni hapa. Mara nyingine ni katika Yeremia 23:9, ambapo nabii analalamika kwamba mifupa yake yote inatikisika. Na mara iliyobaki ni katika Kumbukumbu la Torati 32:11, katika wimbo wa Musa, ambapo Mungu anafananishwa na tai aliye juu ya makinda yake. Mfasiri anayetaka kujua maana ya kitenzi hiki hana mahali pengine pa kukitafuta ndani ya Maandiko. Ana mifupa inayotikisika, na ana tai.

Sasa naomba mfungue Biblia ya Muungano katika Kumbukumbu la Torati 32:11. Tai yule anafanya nini? Imeandikwa: "kupapatika juu ya makinda yake". Kupapatika! Kitenzi ni kilekile, umbo lake la kisarufi ni la aina ileile, na Biblia ni moja. Mahali pamoja kimekuwa kupapatika, mahali pengine kimekuwa kutulia. Maneno haya mawili karibu yanapingana. Anayepapatika hajatulia, na aliyetulia hapapatiki. Ilikuwaje?

Ili tujibu swali hilo inatubidi turudi nyuma hadi karne ya 4, kwa askofu aliyeitwa Basili wa Kaisaria. Basili aliandika Kigiriki, na Biblia aliyoisoma ilikuwa Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambayo inasema kwamba roho "ilichukuliwa" juu ya maji, neno pana lisilotuonyesha ni mwendo wa namna gani. Basili, katika mahubiri yake ya pili juu ya siku sita za uumbaji, aliwaambia wasikilizaji kwamba maelezo atakayotoa si yake, bali ameyapata kwa mtu mmoja Mshami, ambaye lugha yake ni jirani ya Kiebrania. Mtu huyo alimweleza kwamba neno la asili lina maana ya kutia joto na kuhuisha, kama ndege anavyoyafunika mayai yake. Nasi katika Kiswahili tuna neno lake kamili: kuatamia. Roho iliyaatamia maji.

Maelezo haya yalipendwa mno, na ni rahisi kuona kwa nini. Jeromu, aliyeifasiri Biblia kwa Kilatini, aliyajua. Katika kitabu chake cha maswali juu ya Mwanzo aliandika kwamba Kiebrania kinasema kitu kama kuatamia au kupasha joto. Lakini mtazameni Jeromu huyohuyo anapofika kwenye tafsiri yenyewe: anaandika *ferebatur*, "ilichukuliwa", sawasawa na Kigiriki kilichokuwa kikisomwa makanisani. Alijua jambo moja na akaandika jingine. Je, alidanganya? Hapana. Alikuwa na vitabu viwili vyenye kazi mbili, na katika kile cha kusomwa hadharani aliyaacha maneno ambayo watu walikwisha kuyazoea masikioni. Tukumbuke hilo kabla ya kudhani kwamba kila tofauti kati ya tafsiri inatokana na tofauti ya elimu.

Dhana yangu, nami naitoa kama dhana tu, ni kwamba "ikatulia" ya Biblia ya Muungano inasimama karibu na ndege huyu wa Basili. Ndege anayeatamia hutulia. Aliye juu ya makinda, kinyume chake, hupapatika. Mkiiangalia hivyo, tafsiri haijajikanganya; imeona picha mbili za ndege, na kila picha imepewa kitenzi chake.

Hata hivyo, picha ya kuatamia ina tatizo. Tai wa Kumbukumbu la Torati hana mayai; ana makinda, na makinda yale yako tayari kubebwa juu ya mbawa. Hakuna kuatamia pale. Tena, kuanzia mwaka 1929, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua katika pwani ya Shamu mji wa Ugariti, wenye vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa lugha iliyo jamaa ya Kiebrania. Katika hadithi moja ya vibao hivyo, kitenzi hikihiki kinawaeleza ndege wakali wanaozunguka angani juu ya kijana aketiye kula, muda mfupi kabla ya kijana huyo kuuawa. Ndege hao hawamtii joto mtu yeyote! Ushahidi huu uliwafanya wafasiri wengi wa baadaye waiache picha ya mayai na kushika ile ya ndege aliyeko hewani, mbawa zikichezacheza, akiwa juu ya kitu bila kutua. Yule Mshami wa Basili huenda alisema kweli kuhusu lugha yake mwenyewe. Lakini lugha jirani si lugha moja.

Kwa nini, basi, Habari Njema haikusema "ikipapatika"? Hapa nadhani shida ni ya Kiswahili chenyewe. Kupapatika kwa tai kunaeleweka vizuri kwa sababu tai ametajwa, na makinda yako chini yake. Liondoe neno hilo kiotani, uliweke peke yake juu ya maji yenye giza, na wasikilizaji wengi watamwona kuku aliyechinjwa, au mtu aliyeshikwa na woga. Mfasiri anayesikia sauti ya lugha yake hawezi kulipuuza hilo. "Ikitanda" haina hatari hiyo. Wingu hutanda, na kinachotanda kiko juu, kimeenea, hakijagusa chini. Hasara yake ni kwamba giza nalo hutanda, na giza limetajwa katika mstari huohuo, kwa hiyo roho na giza vinakaribia kufanana tabia mahali ambapo mwandishi alitaka tuone vitu viwili.

Kuna jambo jingine dogo kuhusu kitenzi, nami nitalipita haraka. Kiebrania kinatumia umbo la tendo linaloendelea: mambo yako katika hali hiyo wakati Mungu anapofungua kinywa chake katika mstari wa 3. "Ikatulia", kwa kiambishi chake cha "-ka-", inalifanya kuwa tukio linalofuata tukio, kana kwamba roho ilifika wakati huo. "Ilikuwa ikitanda" inatupa hali inayoendelea. Katika hili Habari Njema iko karibu zaidi na asili, na sioni ubishi mkubwa.

Nakuja sasa kwenye jina, *ruakh*. Neno hili linatokea zaidi ya mara 370 katika Biblia ya Kiebrania, na maana zake ni pumzi, upepo, na roho. Angalieni Biblia ya Muungano ndani ya kurasa chache tu za kitabu hikihiki cha Mwanzo. Katika 1:2 *ruakh* ni Roho. Katika 3:8, Mungu anapotembea bustanini, ile *ruakh* ya mchana imefasiriwa kuwa wakati wa "jua kupunga". Katika 8:1, baada ya gharika, "Mungu akavumisha upepo juu ya nchi, maji yakapungua." Neno ni lilelile katika mahali pote patatu.

Hebu tulinganishe 1:2 na 8:1. Katika 8:1 kuna Mungu, kuna *ruakh*, na kuna maji yaliyoifunika nchi. Kisha nchi kavu inatokea. Katika 1:2 kuna Mungu, kuna *ruakh*, na kuna maji yaliyofunika kila kitu. Baadaye nchi kavu inatokea. Kama pale ni upepo, kwa nini hapa isiwe upepo? Swali hili si la wasomi wa juzi. Tafsiri ya kale ya Kiaramu iitwayo Onkelosi, iliyosomwa na Wayahudi kwa karne nyingi, inasema *ruakh* kutoka mbele za Mungu ilikuwa "ikivuma". Na Efremu, mwalimu mkubwa wa Wakristo wa Shamu katika karne ya 4, aliyeandika kwa lugha ileile ya yule aliyemfundisha Basili, alishikilia katika ufafanuzi wake wa Mwanzo kwamba huo ni upepo. Washami wawili wa karne moja wanatupa majibu mawili. Basili alikutana na mmoja wao tu, na kwa sababu hiyo Wakristo wengi walirithi ndege badala ya upepo.

Kwa upande wa pili kuna hoja tatu, nami naziona kuwa nzito. Ya kwanza: upepo huvuma, na *rakhaf* si kitenzi cha upepo popote kinapotokea. Ya pili: maneno *ruakh elohim* yakiwa pamoja mahali pengine katika vitabu vya Musa hayana maana ya upepo. Farao anaposema juu ya Yusufu katika Mwanzo 41:38 kwamba ana *ruakh elohim* ndani yake, hakuna anayefikiri kwamba Yusufu amejaa upepo. Ya tatu inawahusu waliosema kwamba *elohim* hapa ni neno la kukuza tu, ili tupate "upepo mkuu": katika sura hii ya kwanza *elohim* limetajwa mara 32, na kila mara lingine ni Mungu mwenyewe aumbaye, asemaye, aonaye. Ingekuwa ajabu sana limaanishe Mungu mara 31 na "kubwa" mara moja.

Kama hoja za pande zote mbili zinajulikana, mtu angetarajia kwamba hatimaye wasomi wangekubaliana. Sikilizeni yaliyotokea. Makanisa ya Uingereza yalitoa mwaka 1970 tafsiri mpya kabisa, nayo ikasema "upepo mkuu" juu ya maji. Huko Marekani, tafsiri iliyokuwa ikitumiwa sana, ya mwaka 1952, ilikuwa ikisema "Roho ya Mungu". Zote mbili zilisahihishwa, na masahihisho yote mawili yakatoka mwaka uleule, 1989. Waingereza waliacha upepo wakarudi kwenye roho. Wamarekani waliacha roho wakahamia kwenye upepo utokao kwa Mungu. Walipishana njiani! Nao Wayahudi wa Marekani, ambao tafsiri yao ya 1917 ilisema roho, walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye upepo mwaka 1962.

Je, kuna kibao kipya kilichofukuliwa katikati ya miaka hiyo kikaonekana na kundi moja tu? Hapana. Hoja zilikuwa mezani pa wote. Tofauti ilikuwa ni hoja ipi inayopewa uzito wa kwanza. Anayeanza na kitenzi, na jinsi maneno mawili yanavyotumika yakiwa pamoja, anafika kwenye roho. Anayeanza na mfanano wa gharika na uumbaji, au na desturi ya kutoisomea Agano la Kale mafundisho ya baadaye, anafika kwenye upepo. Ndiyo maana nyingi za tafsiri hizo zina tanbihi chini ya ukurasa yenye lile jibu lililokataliwa. Tanbihi ile ni sauti ya wajumbe walioshindwa katika kura, na msomaji anayeiruka amesikia nusu tu ya kikao.

Ndugu zangu, hadi hapa nimezungumza mambo ambayo Mgiriki au Mwingereza angeweza kuyazungumza. Sasa nafika kwenye lile linalotuhusu sisi wenyewe, nalo ni ngeli.

Kiebrania kinaihesabu *ruakh*, mara nyingi, kuwa neno la jinsia ya kike. Kigiriki kinaihesabu kuwa si ya kike wala ya kiume. Kilatini kinaihesabu kuwa ya kiume. Hakuna aliyewahi kuhubiri imani mpya kwa sababu ya tofauti hiyo peke yake, maana jinsia hizo ni za sarufi. Lakini Kiswahili kinamuuliza mfasiri swali ambalo lugha hizo hazimuulizi: je, huyu ni nani, au hiki ni nini? Huwezi kuandika "roho" kisha ukaficha jibu. Lazima useme "ya" au "wa". Lazima useme "i-" au "a-". Mwandishi wa Kiebrania hakulazimishwa kujibu. Mfasiri wa Kiswahili analazimishwa, tena kabla hajamaliza sentensi.

Tazameni walivyojibu. Biblia ya Neno imesema "naye Roho wa Mungu alikuwa ametulia". Hapo hakuna shaka: ni nafsi, ni yuleyule Roho Mtakatifu ambaye msomaji atakutana naye katika Agano Jipya. Mashahidi wa Yehova, ambao mafundisho yao hayamkubali Roho kuwa nafsi, wameandika "nguvu za utendaji", na nguvu hizo "zilikuwa zikienda". Haifai tuwanyoshee kidole hao peke yao na kusema wameingiza mafundisho. Kiambishi cha "a-" nacho kimebeba mafundisho. Ni kwamba mafundisho hayo wengi wetu tunayakubali, kwa hiyo hayatukwaruzi. Tofauti ninayoiona ni ya njia: mmoja amechagua upatanisho wa kisarufi kwa neno lililopo, na mwingine ameweka maelezo mahali pa neno.

Na Biblia ya Muungano? Hiyo ndiyo inayonishangaza kila nikiisoma. Imeandika "Roho" kwa herufi kubwa, heshima ya jina la nafsi, kisha ikasema "ya Mungu" na "ikatulia", upatanisho wa kitu. Kiebrania hakina herufi kubwa wala ndogo, kwa hiyo herufi ile ni ya wafasiri wenyewe. Katika Agano Jipya wafasiri haohao hawasiti kumpa Roho Mtakatifu upatanisho wa nafsi. Hapa wamesimama katikati: jicho linaona nafsi, sikio linasikia kitu. Baadhi ya watu wanaliona hilo kuwa ni uzembe. Mimi naliona kuwa ni uaminifu, kwa sababu linaiacha sentensi ya Mwanzo iwe wazi karibu kadiri ilivyokuwa wazi kwa mwandishi wake, huku likimwachia msomaji Mkristo alama ya kuifuata akitaka.

Mwaniuliza, kwa haki kabisa, mimi ningeandika nini. Ningeandika "Roho ya Mungu", kwa "ya", kwa sababu zile hoja tatu za roho zinanishawishi kuliko mfanano wa gharika. Katika tanbihi ningeweka "au: upepo kutoka kwa Mungu", maana Efremu na Onkelosi si watu wa kufukuzwa nje ya ukurasa. Kuhusu kitenzi, ningeacha kutulia na kutanda vyote viwili, niandike "ilikuwa ikielea juu ya maji", nami najua mtakaponiwekea pingamizi: chombo huelea kikigusa maji, na *rakhaf* ni ya kiumbe kilichoko hewani. Mwenye neno la Kiswahili la ndege anayepiga mbawa akabaki mahali pamoja angani, bila woga na bila kufa, naomba anipe kabla hatujaondoka.